Nimepata 11 kwenye kuachia na 1 kwenye kushindana

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29. Mchana nafanya kazi, jioni nasoma. Muhula huu tuna somo la tabia za watu kazini, na mhadhiri ametupa zoezi: tuandike kisa kifupi cha mgogoro wa ofisini, kisha tuonyeshe jinsi unavyoweza kushughulikiwa kwa mitindo mitano, yaani kushindana, kuachia, kukwepa, kuridhiana na kushirikiana. Sikuhangaika kutunga. Nimeandika yangu.

Mimi ndiye ninayekusanya ripoti ya mwezi. Meneja anaitaka tarehe 5 saa sita mchana. Takwimu za stoo zinatoka kwa kaka mmoja aliyenitangulia kazini, tena ndiye aliyenifundisha kazi. Huzileta tarehe 4 saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wameshabeba mikoba. Huu ni mwezi wa saba. Nabaki ofisini hadi saa nne usiku na kipindi kinanipita. Nikimwambia, "Kaka, leo umechelewa kidogo," anacheka: "Nisamehe mdogo wangu, si unazijua kazi zenyewe." Yanaishia hapo. Mwezi uliopita safu moja ilikuwa tupu, akaniambia niweke namba za mwezi uliotangulia, atarekebisha baadaye. Nikaweka.

Darasani tulijaza dodoso la mitindo. Nimepata kuachia 11, kukwepa 8, kuridhiana 6, kushirikiana 4, kushindana 1. Wenzangu waliicheka ile 1. Kisa changu nimekimalizia kwa kushirikiana: tunakaa, tunaelewana, kila mtu anatoka anatabasamu. Mhadhiri ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Mbona kushirikiana kumeshinda bila jasho?"

Nauliza mawili. Nimwite kaka tukae kweli, au nimeze tu? Na hiyo 11 ndiyo mimi, basi? Nikianza kuvutana naye leo ataona nimeota mapembe.

Mwenye Moja

*

Marahaba, mwanangu. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na dodoso hilo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ngoja tuanze na namba zako, maana naona ndizo zilizokukosesha usingizi.

Dodoso mlilojaza, kama nimekuelewa, ni lile la Thomas na Kilmann la mwaka 1974. Lina jozi 30 za sentensi, na kila jozi inakulazimisha uchague moja uiache nyingine. Kila mtindo unatokea mara 12, kwa hiyo hakuna anayeweza kupita 12 popote, na ukijumlisha mitindo yote mitano lazima upate 30. Jumlisha zako: 11, 8, 6, 4 na 1. Umeona? Kila ulipoipa alama sentensi ya kuachia, kuna sentensi ya mtindo mwingine uliyoinyima. Kwa hiyo ile 1 haisemi kwamba huna uwezo wa kusimama na neno lako. Inasema kwamba kila kushindana kulipowekwa kando ya kitu kingine, ulikichagua kile kingine, isipokuwa mara moja. Hata mwenzako aliyepata 9 huwezi kusema ni mkali mara tisa kuliko wewe, kwa kuwa namba hizo zinapima upendeleo ndani ya mtu mmoja.

Ila nina swali. Ulipokuwa unajaza, ulikuwa unamfikiria nani? Wengi hujaza wakiwa na sura ya mtu mmoja kichwani. Ukiwa umemfikiria kaka tangu jozi ya kwanza hadi ya 30, basi hujapima tabia yako, umepima uhusiano mmoja. Ukitaka kucheza kidogo, lijaze tena ukimfikiria mdogo wako nyumbani, au mtu aliyekaa kiti chako ulichokilipia nauli. Naamini ile 1 itapata wenzake.

Sasa kalamu nyekundu. Huyo mhadhiri wako namheshimu, maana ameshika penyewe.

Mitindo hii mitano imepangwa juu ya mistari miwili. Mmoja unapima ni kiasi gani unalipigania lako, wa pili unapima ni kiasi gani unalijali la mwenzako. Anayeshindana analipigania lake sana na la mwenziwe halimshughulishi. Anayeachia ni kinyume chake. Anayekwepa hafanyi hili wala lile. Anayeridhiana yuko katikati ya mistari yote miwili, nipe nikupe. Na anayeshirikiana yuko juu kwenye yote miwili. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Wanalisikia neno "kushirikiana" wanafikiri ni upole, ni kahawa na tabasamu. Lakini kwenye ule mstari wa kulipigania lako, kushirikiana kumekaa juu sawasawa na kushindana. Huwezi kushirikiana kuhusu jambo ambalo hujalitamka. Katika kisa chako mtu aliyemeza miezi sita anaamka siku moja anakaa mezani na mambo yananyooka. Lile neno gumu alilisema saa ngapi? Ndilo jasho ambalo mhadhiri hakuliona.

Turudi kwenye ile jioni ya tarehe 4. Wewe unasema unaachia. Mimi sina hakika. Kuachia ni pale unapojua unachokitaka, unajua na mwenzako anataka nini, kisha kwa hiari yako unasema, "Haya, leo chukua wewe." Mtu anafanya hivyo kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kwa mwenziwe na dogo kwake, au amegundua kwamba mwenziwe ndiye mwenye haki, au anaweka akiba ya wema. Na mpokeaji anajua kwamba amepewa. Je, kaka anajua kwamba amepewa kitu? Umemwambia "umechelewa kidogo." Hujamwambia saa nne usiku. Hujamwambia kipindi. Yeye anaona tarehe 5 ripoti imefika kwa meneja kama kawaida, na wewe umekaa pale unasalimia watu vizuri. Mwanangu, hiyo naiona zaidi kama kukwepa kulikovaa nguo za kuachia. Funika kombe mwanaharamu apite, ila huyu mwanaharamu anapita kila tarehe 4.

Usinielewe kwamba kukwepa ni dhambi. Kuna jioni ambayo kukwepa ndiyo akili: kaka amefika amekasirika, wewe una njaa, na ripoti ina saa chache. Ukianzisha neno wakati huo mtagombana na ripoti isitoke. Tofauti ni kama umeahirisha hadi siku unayoijua, au umeahirisha tu. Dalili yake utaiona kwako mwenyewe. Ukiona umeanza kukerwa na mambo yake mengine, jinsi anavyocheka, jinsi anavyoacha kikombe mezani, ujue lile la takwimu limehama. Limeacha kuwa jambo la kazi, limekuwa jambo la mtu, na likifika hapo ni gumu zaidi kulishughulikia.

Tazama na hili. Kushirikiana kunahitaji watu wawili wenye tatizo. Kwa sasa mwenye tatizo ni mmoja. Kaka hana shida yoyote, shida yote imehamia mezani kwako, nawe umeificha vizuri kiasi kwamba hata meneja haijui. Ukimwita leo na kumwambia, "Kaka, tukae tutafute njia," atashangaa: njia ya nini? Kwa hiyo kabla ya kikao chako cha kutabasamu kuna hatua moja ambayo kisa chako kimeiruka, nayo ni kumwonyesha gharama. Bila ukali. Mambo yenyewe tu, kwa tarehe na saa.

Tuseme umeshasema. Kinachofuata ni njia gani? Hapa wengi huchanganya kuridhiana na kushirikiana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nipe nikupe ingekuwa hivi: wewe unataka takwimu tarehe 2, yeye anazileta tarehe 4, mnakutana tarehe 3. Haraka, haki, kila mmoja amepoteza kidogo. Lakini chunguza. Kama sababu ya yeye kuchelewa ni kwamba stoo inahesabiwa tarehe 3 mchana, basi ahadi ya tarehe 3 ni ya kuvunjwa, na mwezi ujao utakuwa na kinyongo juu ya kuchelewa. Kuridhiana kunafaa sana pale kitu kinapogawanyika na muda ni mfupi. Tatizo lake ni kwamba kunagawa kile kinachotajwa mezani bila kuuliza kwa nini kinatajwa.

Mary Parker Follett, mwanamke Mmarekani aliyeandika kuhusu uongozi, alilieleza hili mwaka 1925 kwa mfano wa dirisha. Alikuwa katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard. Mtu mmoja alitaka dirisha liwe wazi, yeye alitaka lifungwe. Wangeliacha nusu wazi wote wangekosa. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Maana yule mwenzake hakuwa akilitaka dirisha lile hasa, alitaka hewa, na Follett hakutaka chumba kilichofungwa, alichokikataa ni upepo wa kaskazini kumpiga moja kwa moja. Mimi mfano huu naupenda kwa sababu ni wa kitu kidogo. Hakuna aliyekuwa mwema kupita kiasi. Waliulizana tu.

Sasa lete dirisha hilo ofisini kwako. Unachotaka wewe si "tarehe 2." Unataka kutoka saa kumi na moja uwahi kipindi. Anachotaka kaka sikijui, nawe hukukiandika. Barua yako yote haina mahali ulipomuuliza kwa nini. "Si unazijua kazi zenyewe," anasema. Je, unazijua?

Nikupe mfano wa kukisia. Jedwali lake lina safu 12. Unamkalisha mbele ya kompyuta unamwuliza kila safu inakamilika siku gani. Salio la kuanzia mwezi linajulikana tarehe 1. Vilivyoingia na vilivyotoka vipo kwenye leja, mwezi ukifungwa vimefungwa. Kumbe safu 10 ziko tayari tarehe 2, na zinazomchelewesha ni mbili tu, idadi iliyohesabiwa kwa mkono na tofauti yake na leja. Amekuwa akisubiri mbili hizo ndipo alete zote, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuleta vipande. Analeta 10 tarehe 2, wewe unazipanga kwa utulivu, na tarehe 4 jioni unabandika mbili kwa nusu saa. Hakuna aliyepunguziwa kitu. Hiyo ndiyo tofauti na kukutana tarehe 3.

Lakini kushirikiana kuna bei. Kikao hicho kinakula saa moja na zaidi, kinataka aaminike kwamba hatakigeuza kuwa utani, na kinaweza kuonyesha jambo lisilopendeza. Pengine utagundua hakuna safu yoyote inayomchelewesha. Takwimu zipo tarehe 2, ila anajua mdogo wake atasubiri. Ikiwa ni hivyo hakuna dirisha la pili la kufungua, na kukaa tena na tena kutafuta suluhisho la wote ni kujichosha.

Hapo ndipo kushindana kunapoingia, neno ambalo naona linakuogopesha. Hakumaanishi kumpandishia sauti. Kwako kunaweza kuwa sentensi moja: "Kaka, kuanzia mwezi ujao, zikifika baada ya saa nane mchana wa tarehe 4, nitapeleka ripoti bila sehemu ya stoo na nitaandika kwamba bado nazisubiri." Kisha ufanye hivyo. Hatari zipo na usizidharau. Anaweza kuhesabu kwamba umemsahau aliyekushika mkono. Meneja anaweza kuuliza kwa nini ulinyamaza miezi saba. Na kama huna uhakika wa kutekeleza, afadhali usiseme kabisa, maana tishio lisilotekelezwa linamfundisha mwenzako kusubiri.

Nimeacha makusudi ile safu tupu.

Wewe umeiandika kama tone jingine kwenye ndoo ileile. Mimi nadhani ni ndoo nyingine. Kuchelewa kunakuumiza wewe, na kilicho chako una hiari ya kukitoa. Lakini namba za mwezi uliotangulia zikiwekwa kwenye ripoti ya mwezi huu, anayeumia ni msomaji. Meneja anaweza kuagiza vitu kwa kutegemea salio ambalo halipo. Hapo si usiku wako unaoachia, ni ukweli wa watu wengine, na jina lililo chini ya ripoti ni lako. Ndiyo maana hata wanaousifu upole huitaja hali ya namna hii kama mahali pa kusimama na neno lako. Je, aliirekebisha "baadaye"? Hukusema. Ningependa uangalie kabla ya tarehe 5 ijayo, na kama bado iko vilevile, sidhani kama suala la nani alimfundisha nani kazi linapaswa kuingia humo. Unaweza kuirekebisha kwa upole kabisa: "Kaka, ile safu ya mwezi uliopita nataka niitolee taarifa. Nipe namba sahihi leo niambatanishe." Sauti laini, ila jambo halina mjadala. Mtindo na sauti ni vitu viwili.

Kwa hiyo unaposema "niende kwa mtindo gani," mimi najikuta nauliza kwa jambo lipi. Ndani ya kisa chako naona angalau matatu. Kuna saa za takwimu, ambazo zinaweza kuwa na dirisha la pili. Kuna safu ya kubuni. Na kuna heshima kati yako na kaka, ambayo unataka ibaki, na hapo kuachia kwako kuna thamani yake: akitaka kikao kiwe mezani kwake na si kwako, mpe. Akitaka yeye ndiye amwambie meneja kwamba mmebadilisha utaratibu, mpe na hilo. Vitu vidogo kwako vinaweza kuwa vikubwa kwa mtu aliyetangulia.

Kuhusu mapembe, sijui kaka ataona nini. Wewe unamjua. Nakuachia tu namna ya kuanza, kwa sababu mwanzo ndio unaowashinda wengi. Usianze tarehe 4 jioni, wakati huo wote mna haraka. Chagua katikati ya mwezi, siku ambayo hakuna anayedaiwa kitu. "Kaka, kuna jambo la ripoti nimelikalia muda mrefu, na kosa la kulikalia ni langu. Tarehe 4 huwa natoka hapa saa nne usiku na kipindi kinanipita. Nataka nielewe kwako takwimu zinakamilika lini na nini kinazishika." Kisha nyamaza. Akicheka na kusema si unazijua kazi zenyewe, usicheke naye. Mjibu, "Hapana kaka, sizijui, nionyeshe." Atakachokuonyesha, au atakachokataa kukuonyesha, ndicho kitakachokuambia kama uko kwenye chumba chenye dirisha la pili.

Na zoezi la darasani? Kisa usikibadilishe, ni kizuri. Pale ulipoandika "wakakaa wakaelewana," futa uandike maneno yenyewe: nani alianza kusema, alisema nini, mwenziwe alijibu nini, na nani alikaribia kunyanyuka aondoke. Halafu ongeza ile safu tupu, ambayo nina hakika hukuiweka.